Mishazari imepishana sentimita kumi: tuchimbe au tusichimbe?

*"Shikamoo mhandisi. Fundi ameseti nyumba yangu ya mita 12 kwa 9, kipimo cha nje ya ukuta. Kona ya mbele kushoto aliipiga tatu-nne-tano mbele ya macho yangu ikakubali, kona nyingine akapima urefu tu. Jana nikapima mishazari mwenyewe juu ya kamba: mmoja mita 15.05, mwingine 14.95. Fundi anasema sentimita kumi kwenye nyumba kubwa si kitu, plasta itameza. Kesho vijana wanaanza kuchimba. Niwaache au niwasimamishe? Na kama tatu-nne-tano ilikubali, kosa limetoka wapi?"*

Marahaba ndugu yangu. Wasimamishe. Leo kosa hilo linarekebishwa kwa kuhamisha misumari minne kwenye profaili, zile mbao zinazoshikilia kamba, kazi isiyozidi saa moja. Mtaro ukishachimbwa na zege la chini kumwagwa, kulirekebisha ni kupanua mtaro, au kupandisha ukuta pembeni mwa zege badala ya katikati yake, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Kwanza tuzisome namba zako, maana zinasema mengi kuliko ulivyodhani. Mita 12 kwa 12 ni 144, mita 9 kwa 9 ni 81, jumla 225, na kipeuo cha pili cha 225 ni 15. Kwa hiyo kona za nyumba yako zikiwa mraba sawasawa, kila mshazari unatakiwa usome mita 15.00. Wewe umepata mmoja umezidi kwa sentimita tano na mwingine umepungua kwa sentimita tano zile zile. Wastani wake ni 15.00 kamili, na hiyo ni habari njema: urefu wa kuta nne aliupima vizuri. Kilichoharibika ni pembe peke yake. Nyumba imelala upogo, kama kitanda cha kamba kilicholegea kona: mbao zote zina urefu ule ule, lakini ukikisukuma upande mmoja kinakwenda. Wastani ungekuwa mbali na 15, tuseme 14.93, ningekuambia urudie kupima kuta kabla ya kuhangaika na pembe.

Sasa imelala kwa kiasi gani? Chukua kikokotoo cha simu. Mraba wa 15.05 ni 226.5025. Mraba wa 14.95 ni 223.5025. Tofauti yake ni 3 kamili. Igawe kwa mara nne ya urefu wa ukuta wa mbele, yaani 4 × 12 = 48, unapata mita 0.0625. Maana yake mstari wa nyuma wa nyumba umeteleza pembeni kwa sentimita 6 na robo ukilinganisha na mstari wa mbele.

Plasta haimezi hiyo. Plasta ya kawaida ni sentimita moja na nusu hadi mbili, na isitoshe kosa hili si kigongo ukutani cha kufukia, ni ukuta mzima ulionyooka vizuri ila unaelekea kusiko. Ukitaka kuufuta kwa plasta itabidi uanze na plasta nyembamba mwisho mmoja na umalize na sentimita sita mwisho wa pili, na hakuna plasta ya unene huo itakayoshika. Utaliona kosa siku ya vigae. Kwenye chumba cha mita 4 upogo wako unafika karibu sentimita 3, kwa hiyo mstari wa mwisho wa vigae utaanza na kipande kipana na kuishia na chembamba, pale pale mlangoni ambapo kila mgeni anatazama. Utaliona tena kwenye mabati. Bati hufungwa likiwa mraba na ukingo wa chini wa paa, sasa ukuta wa kando ukiwa upogo kila bati linaiacha kingo kidogo, na fundi wa paa ataikata kwa mkasi huku akimlaumu fundi wa msingi. Kenchi zenyewe hazitasumbua sana, kwa sababu kuta za mbele na nyuma bado ziko sambamba. Nyumba haitaanguka, niseme ukweli. Lakini utalipia upogo huo kila fundi mpya anapoingia.

Swali lako la pili ndilo zuri zaidi: tatu-nne-tano ilikubali, kosa likatoka wapi?

Tatu-nne-tano haidanganyi. Mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ukipata mita 5 kutoka alama hadi alama, pembe ni mraba, kwa sababu 9 na 16 ni 25. Tatizo ni udogo wa pembetatu. Umethibitisha pembe kwa kipande cha mita 3 na 4 tu, kisha unairefusha hadi mita 9 na 12, na kila milimita uliyoikosea inarefuka pamoja na kamba. Ukikosea sentimita moja tu kwenye ule upande wa mita 5, mwisho wa ukuta wako wa mita 9 unahama karibu sentimita 3 na robo tatu. Kwa hiyo sentimita zako 6 na robo ni sawa na kosa la sentimita moja na milimita saba hivi pale kwenye mita 5. Huenda hicho ndicho kilichotokea. Fundi aliona tano, lakini ilikuwa tano kasoro kidogo au tano na ushee.

Sentimita moja na milimita saba inapotea wapi mbele ya macho ya watu wawili? Nenda kaangalie vigingi alivyotumia. Ukikuta kigingi cha upana wa sentimita tano hakina msumari juu yake, umempata mchawi. Akipima mita 3 anashika ukingo wa ndani wa kigingi, akipima mita 5 anashika katikati, na hapo tayari sentimita mbili na nusu zimekwenda. Kila kigingi cha kuseti kinatakiwa kiwe na msumari mwembamba, uliobaki nje sentimita mbili hivi, na vipimo vyote vitoke kwenye msumari. Alama za mita 3 na 4 nazo zisiwe fundo la kamba. Fundo lina unene wake, na linateleza. Mimi hupenda kipande cha uzi wa rangi au pini iliyochomwa kwenye kamba yenyewe, au alama ya kalamu ya wino kama kamba ni nailoni nyeupe.

Mchawi wa pili ni ncha ya tepu. Tepu ndogo ya mfukoni ina kindoano cha chuma kinachocheza kidogo, na kinafanywa hivyo makusudi ili kipime sawa ukikivuta na ukikisukuma. Ukiikunja kona ya msumari inapoteza milimita mbili tatu. Tepu ndefu za kuzungusha kwa mkono ndizo hatari zaidi, kwa sababu si zote zinaanzia sehemu moja: kwenye nyingine sifuri iko kwenye ukingo wa nje wa kile kipete cha chuma, kwenye nyingine sifuri imechapwa kwenye utepe wenyewe, sentimita kadhaa baada ya kipete. Itoe tepu ya fundi wako uitazame. Wapo mafundi wanaokwepa tatizo hilo kwa kuanzia kwenye alama ya mita 1, na ni njia nzuri mradi yule wa upande wa pili akumbuke kuongeza mita moja. Asipokumbuka, kosa ni kubwa kiasi kwamba utaliona hata kwa macho, kwa hiyo silihofii sana.

Wengine hutumia tepu moja kuzunguka misumari yote mitatu: sifuri na 12 zinashikwa pamoja, 3 kwenye msumari wa pili, 7 kwenye wa tatu. Inapendeza kuitazama, na mtu mmoja anaweza kuifanya. Siipendi. Tepu ya chuma haikunjiki kona kali bila kuvunjika, kwa hiyo unaacha kitanzi kidogo kila kona, na kila kitanzi kinakula milimita zako. Kwa kibanda cha kuku sawa.

Mchawi wa tatu ni ardhi yenyewe, na hapa watu wengi hawaelewi kinachotokea. Ulisema fundi alipiga tatu-nne-tano kwanza. Kama aliipiga chini kwenye vigingi vifupi kabla ya profaili, uliza kiwanja kinashukia wapi. Kikishuka moja kwa moja kuelekea nyuma, pembe itabaki mraba, ila urefu utapungua: mita 9 zilizopimwa chini kwenye mteremko unaoshuka sentimita 80 ni mita 8.96 tu kwa usawa. Lakini kikishukia kwenye kona, yaani kinashuka kwenda nyuma na kwenda kando kwa pamoja, pembe yenyewe inadanganya. Upande wa mita 3 ukishuka sentimita 20 na wa mita 4 ukishuka 25, pembetatu itakubali chini kwa asilimia mia, na bado ukiipandisha kwenye kamba zilizo sawa kwa maji, ncha ya ukuta wa mita 9 itakuwa imehama karibu sentimita nne. Hakuna aliyekosea kupima. Wamepima kwenye ubao ulioinama. Ndiyo maana tatu-nne-tano hupigwa kwenye kamba za profaili, baada ya profaili zote kulinganishwa kwa mpira wa maji, na alama zinashushwa chini kwa timazi. Mpira wenyewe uangalie usiwe na povu la hewa ndani.

Namna ya kujua kama kosa liko kwenye kona hiyo ni rahisi. Mwambie fundi arudie tatu-nne-tano pale pale kona ya mbele kushoto, safari hii juu ya kamba. Ikisoma mita 5.00 kamili huku mishazari bado inapishana, kosa liko kwenye kamba au kipimo kingine, si kwenye kona hii. Ikisoma 4.98 au 5.02, kona si mraba, hata kama mwanzo ilikubali.

Tuje kwenye kurekebisha. Kona tuziite A mbele kushoto, B mbele kulia, C nyuma kulia, D nyuma kushoto. Hukuniambia mshazari upi ndio mrefu, kwa hiyo nitachukulia ni A hadi C ndio 15.05, na B hadi D ndio 14.95. Kama ni kinyume, geuza kushoto na kulia katika maelezo yangu. Mshazari wa A hadi C ukiwa mrefu, mstari wa nyuma umeteleza kwenda kulia, na unatakiwa urudi kushoto.

Kamba ya mbele usiiguse. Hiyo ndiyo uliyoipima kutoka kwenye mpaka wa kiwanja na bikoni, na ukianza kuichezea utajikuta umemsogelea jirani au barabara. Kamba ya nyuma nayo usiiguse, jambo ambalo mafundi wengi hawaliamini hadi walione. Kamba ya nyuma iko sambamba na ya mbele na umbali wake ni sahihi. Kona C na D zinatakiwa kuteleza juu ya kamba hiyo hiyo. Zinazohama ni kamba mbili za kando, A hadi D na B hadi C, na zinahama kwa kuzungushwa kwenye kona zake za mbele.

Hapa kuna jambo dogo linalowaponyoka wengi. Msumari wa kamba hauko kwenye kona. Uko kwenye ubao wa profaili, nyuma ya kona. Tuseme profaili zenu ziko mita 1.2 nje ya ukuta. Ukiuhamisha msumari wa nyuma peke yake, kamba haizunguki kwenye kona A, inazunguka kwenye msumari wa mbele, na kona A yenyewe inahama kidogo juu ya kamba ya mbele. Unataka A ibaki ilipo. Kwa hiyo msumari wa nyuma uende kushoto sentimita 7.1, na msumari wa mbele wa kamba hiyo hiyo uende kulia milimita 8. Hizo nimezipata hivi: kutoka A hadi msumari wa nyuma ni mita 9 jumlisha 1.2, yaani 10.2, kwa hiyo 6.25 × 10.2 ÷ 9 ni karibu 7.1, na mbele ni 6.25 × 1.2 ÷ 9, karibu 0.83. Fanya vivyo hivyo kwa kamba ya B hadi C, kiasi kile kile na upande ule ule. Kama profaili zenu ziko umbali tofauti, weka umbali wenu mahali pa 1.2. Na kama kwenye ubao kuna misumari mingi, ya nje ya ukuta, ya ndani ya ukuta na ya kingo za mtaro, yote ya ubao huo inahama pamoja kwa kiasi hicho hicho.

Kabla hujang'oa msumari wowote, ning'iniza timazi juu ya A na B na upigie kigingi chenye msumari chini yake. Ukimaliza kuhamisha kamba, timazi iangukie pale pale.

Fundi wako huenda akataka kuhamisha nusu ya tofauti, sentimita tano, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: kumi gawa kwa mbili. Si ujinga, ni makisio yanayokaribia. Ukihamisha sentimita tano kwenye kona, mishazari yako itabaki inapishana sentimita mbili, naye atahamisha tena nusu, itabaki milimita nne hivi, na atafika. Anayetumia hesabu anafika mara moja. Hesabu fupi ya kukumbuka ni tofauti ya mishazari, mara mshazari unaotakiwa, gawa kwa mara mbili ya ukuta wa mbele: 10 × 15 ÷ 24, unarudi kwenye 6.25.

Ukishahamisha, pima upya vyote sita: kuta nne na mishazari miwili. Ninasisitiza kuta nne kwa sababu mishazari sawa peke yake haithibitishi chochote. Chukua nyumba ambayo mbele ni mita 12.00 na nyuma ni 11.90, kila upande wa nyuma umeingia sentimita tano. Mishazari yake yote miwili itasoma mita 14.96. Sawa kabisa! Fundi atashangilia, na nyumba ni trapeza. Ndiyo maana kuna masharti mawili yanayokwenda pamoja: kuta zinazotazamana ziwe na urefu mmoja, na mishazari iwe na urefu mmoja. La tatu ni ulinzi wa ziada: mishazari hiyo isome namba uliyoikokotoa mapema, kwako 15.00. Namba ya 14.96 ingekupigia kengele hapo hapo hata kama ungesahau kupima ukuta wa nyuma.

Tofauti gani naikubali? Kwa mshazari wa mita 15, milimita tano naifumbia macho, sentimita moja naikubali nikiwa nimechoka, zaidi ya hapo kamba inahama.

Kupima mshazari nako kuna namna yake. Tumia tepu ya mita 30, ya chuma kama ipo. Shikeni mahali kamba mbili zinapokatana, si msumari wa profaili wala kigingi cha chini. Hakikisha kwenye kona zote nne mnashika kamba za aina moja. Nimeona mshazari mmoja ukipimwa kutoka kamba ya nje ya ukuta kwenda kamba ya katikati, na kwa tofali la inchi sita hilo ni kosa la sentimita saba na nusu kila upande kabla hata hujaanza. Tepu ivutwe kwa nguvu ya kutosha isining'inie katikati, na isiguse kamba nyingine njiani, kwa sababu ikiisukuma kamba nayo kona inahama wakati unaposoma. Kukiwa na upepo subiri upoe. Mtu yule yule avute mishazari yote miwili, kwa nguvu ile ile.

Hapo utagundua jambo linaloufanya ukaguzi wa mishazari kuwa bora kuliko vipimo vingine vyote: hauhitaji tepu nzuri. Tepu ya plastiki iliyovutika kwa miaka mingi itasoma 15.00 mahali palipo na 15.03, lakini itadanganya vivyo hivyo kwenye mishazari yote miwili, na wewe unatafuta tofauti tu. Hata usipokuwa na tepu kabisa, binding waya uliovutwa kutoka A hadi C na kutiwa alama, kisha ukahamishiwa B hadi D, utakuonyesha tofauti kwa milimita. Urefu wa kuta ndio unaodai tepu ya kuaminika.

Kwa nyumba yako hasa kuna bahati ambayo fundi hakuiona. Mita 9, 12 na 15 ni tatu, nne na tano zilizozidishwa kwa tatu. Nyumba nzima ni pembetatu moja kubwa, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kupiga pembetatu ndogo konani. Kama mngeanza upya leo, ningefanya hivi. Kamba ya mbele imekaa, misumari ya A na B imepigwa kwa umbali wa mita 12.00. Kijana mmoja ashike sifuri ya tepu ya kwanza kwenye A, mwingine ashike sifuri ya tepu ya pili kwenye B. Wewe nenda nyuma na ncha zote mbili mkononi, ya A ikiwa kwenye 9.00 na ya B ikiwa kwenye 15.00, zikaze zote mbili zikiwa usawa, na pale alama mbili zinapokutana ndipo D. Kisha badilisheni: 9.00 kutoka B na 15.00 kutoka A, mnapata C. Halafu pima C hadi D. Ikisoma 12.00, umemaliza, na kipimo hicho cha mwisho hakikutumika kutafuta kona yoyote, kwa hiyo kinakagua kazi yote iliyotangulia. Hata mkikosea sentimita moja kwenye tepu ya 15, mwisho wa ukuta unahama sentimita moja na robo tu, si karibu nne kama kwenye pembetatu ndogo. Kwenye kiwanja chenye mteremko tepu ya upande wa chini ishikwe juu, na timazi ishushe alama hadi kwenye kigingi.

Nyumba nyingi hazina bahati hiyo ya namba, lakini njia ni ile ile, unakokotoa mshazari wako mwenyewe. Nyumba ya 10.8 kwa 7.6: 116.64 jumlisha 57.76 ni 174.40, kipeuo cha pili mita 13.206. Andika namba hiyo kwa kalamu kwenye ubao wa profaili ili kila mtu aione. Ukilazimika kubaki na tatu-nne-tano kwa sababu ya nafasi, basi angalau izidishe: 6-8-10 inapunguza kosa kwa nusu.

Kama ramani yako ina baraza au chumba kinachochomoza, usiyaseti vipande vipande. Seti mstatili mmoja mkubwa unaofunika nyumba yote, ukague kwa mishazari, ndipo upime vichomozo kutoka kwenye kamba zake. Kila kichomozo nacho kina mishazari yake mifupi, na kuipima ni dakika mbili.

Nikurudie na kazi ya kesho. Wape vijana kazi ya kusafisha majani au kusogeza mawe asubuhi, wewe na fundi mhamishe misumari minne na mpime vyote sita. Mkiridhika, kata vijinoti kwa msumeno kwenye mbao za profaili pale kamba zinapokaa, kwa sababu kamba zitatolewa wakati wa kuchimba ili zisikatwe na majembe, na misumari hupindishwa na watu wanaopita na karai. Noti ya msumeno haihami. Udongo uwekwe mbali, usirundikwe juu ya miguu ya profaili, maana ukiisukuma hata kidogo kazi yote ya asubuhi imekwisha. Mtaro ukikamilika na zege la chini likishakauka, rudisha kamba kwenye noti, shusha kona nne kwa timazi hadi kwenye zege, piga alama kwa msumari, na pima mishazari tena pale chini kabla tofali la kwanza halijalazwa. Chini ya mtaro zege likiwa na usawa tofauti kati ya kona na kona, pima juu kwenye kamba na si chini.

Na fundi usimfukuze. Aliyepata kuta nne zikawa sawa hadi wastani ukatoka 15.00 ni fundi anayejua kupima. Mpe tu misumari ya vigingi na tepu ya pili.